Fahamu: Pai hupatikanaje kwa pembenyingi na saini?

Ni nini?
Chora duara lenye kipenyo 1. Mzingo wake ni pai. Ndani yake weka umbo la pande n zilizo sawa, pembe zote zikigusa duara. Kila upande una urefu wa sin(180°/n), hivyo mzingo wa umbo ni n × sin(180°/n).

Tujaribu
Pande 6: 6 × 0.5 = 3. Pande 12: 3.1058. Pande 96, alikofika Arkimedi: 3.1410. Jibu huwa pungufu ya pai daima, kwa kuwa kila upande hupita njia ya mkato ndani ya duara.

Tahadhari
Ukipata -5.93 kwa pande 6, kikokotoo kiko kwenye radiani. Arkimedi hakuwa nacho. Aligawa pembe nusu kwa nusu, kwa mkono.