Gauni Libadilike, Uso Ubaki

Fundi cherehani aliyekuwa akimchorea mteja gauni kwenye karatasi, leo anaweza kumpiga picha kwa simu na kuiagiza programu ya akili unde imvalishe gauni hilo kabla kitambaa hakijaguswa na mkasi. Picha hurudi baada ya muda mfupi, na gauni linapendeza. Lakini mwenye picha akiitazama vizuri anasema, "Fundi, huyu si mimi." Pua imekuwa nyembamba, ngozi imekuwa nyeupe kidogo, kovu la juu ya jicho halipo, na kalenda ya ukutani imegeuka picha ya maua.

Fundi aliomba nguo tu. Uso umeguswaje?

Jibu limo katika namna programu hizi zinavyofanya kazi. Gemini, ChatGPT na nyinginezo zinazohariri picha kwa maneno hazikati nguo ya zamani na kubandika mpya. Huisoma picha yote, kisha huichora yote upya, kama mchoraji aliyeonyeshwa picha na kuambiwa atengeneze nyingine inayofanana nayo isipokuwa mavazi. Hata sehemu ambayo hukuitaja imechorwa upya.

Tena kuna kupotea kwa taarifa njiani. Mifumo mingi ya aina hii huibana picha kwanza ndipo iifanyie kazi. Katika Stable Diffusion, programu iliyotoka mwaka 2022, kila kipande chenye pikseli 8 kwa 8 huwakilishwa na namba 4 tu, wakati chenyewe kilikuwa na namba 192 za rangi. Kwa hiyo uso wenye upana wa pikseli 80 hubaki na vipande 10 tu kutoka shavu hadi shavu. Kovu na mkunjo wa kope haviwezi kuhifadhiwa humo, na programu hujazia kwa sura ya wastani iliyojifunza kwingine. Ndiyo sababu picha ya mtu aliyesimama mbali huharibika uso zaidi kuliko ya aliye karibu. Ushauri wa kwanza basi hauhusu maneno: mpige mteja picha kwa karibu, kuanzia magotini kwenda juu, kwenye mwanga wa kutosha.

Sasa tuje kwenye agizo lenyewe. Tuseme mteja amesimama mbele ya pazia la buluu, amevaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu na mtandio kichwani. Ukiandika "Mvalishe kitenge awe maridadi wa kwenda harusini," umefungua milango mingi. Neno "maridadi" linagusa uso na nywele, "harusini" linaita ukumbi na taa, na mtandio unaweza kuvuliwa kwa kuhesabiwa kuwa sehemu ya nguo. Agizo linalojizuia huwa hivi:

```
Badilisha blauzi na sketi tu za mwanamke
aliyesimama mbele ya pazia la buluu.
Mvalishe gauni refu la kitenge cha kijani
na njano, shingo ya duara, mikono mirefu
hadi kwenye kifundo cha mkono.
Mtandio, uso, rangi ya ngozi, mikono, mkao,
pazia, mwanga na ukubwa wa picha vibaki
kama vilivyo kwenye picha ya awali.
```

Sentensi ya kwanza inataja kinachobadilika na mwenye nguo ni nani, bila kumwachia "yeye" asiyejulikana. Ya pili inaeleza gauni kwa mambo yanayoonekana: rangi, shingo, urefu wa mikono. Hakuna sifa ya jumla ya kuitafsiri uso mzima. Ya tatu inataja kimoja kimoja vya kubaki, kwa sababu "vingine vyote visibadilike" ni maneno mapana ambayo programu huyachukulia kwa wepesi.

Angalia pia kwamba mikono ya gauni jipya ni mirefu kama ya blauzi. Ukiomba gauni lisilo na mikono, programu italazimika kubuni mikono ambayo kamera haikuiona, na rangi ya ngozi iliyobuniwa mara nyingi haifanani na ya uso. Kadiri umbo la nguo mpya linavyokaribiana na la nguo iliyovaliwa, ndivyo uzushi unavyopungua.

Hata hivyo, agizo zuri ni ombi, halifungi kitu. Ndiyo maana matokeo yanapaswa kukaguliwa, na jicho peke yake hudanganyika. Fungua picha ya awali katika GIMP, programu ya bure ya kompyuta, uweke picha mpya juu yake kama tabaka la pili. Hakikisha zote zina ukubwa mmoja, kwa kuwa programu hizi mara nyingi hurudisha picha ndogo kuliko uliyotuma. Kisha badilisha hali ya tabaka la juu iwe `Difference`. Mahali ambapo picha mbili zinalingana hapo patakuwa peusi. Gauni litawaka rangi, na hilo ndilo ulilotaka. Ukungu hafifu uliotapakaa kote si tatizo. Hutokana na kuhifadhi upya faili. Lakini ukiona mistari ya macho, midomo na taya imejichora waziwazi gizani, uso umebadilishwa au umesogezwa.

Kama umesogea, rudi kwenye picha ya awali na uagize tena. Usiihariri ile iliyokwisha kuhaririwa, maana kila duru huibana na kuichora upya picha iliyokwisha kupoteza kitu, na baada ya duru chache mteja hujikuta ana sura ya ndugu yake.

Kama mabega yamekaa palepale na uso tu ndio umeguswa, dawa ipo. Rudisha tabaka la juu katika hali ya `Normal`, liongezee `Layer Mask` nyeusi ili lifichike lote, kisha chukua brashi laini yenye rangi nyeupe upake pale penye gauni tu. Gauni linajitokeza, uso na pazia vinavyoonekana ni vya picha ya awali, pikseli kwa pikseli. Kazi kubwa iko shingoni na kwenye vifundo vya mikono, ambako mpaka mkali huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi inayohakikisha kwamba uso haukuguswa, kwa sababu haitegemei utii wa programu.

Kitambaa nacho kina taabu zake. Maneno "kitenge cha kijani na njano" yataleta kitenge fulani, si kile alichonunua mteja. Programu zinazopokea picha mbili kwa pamoja husaidia: tuma ya mteja na ya kitambaa kilichotandazwa, useme ipi ni ipi. Maua yatakaribia, ila ukubwa wake huyumba. Kanga ni ngumu zaidi. Pindo hukatika na kupotea kwenye mishono, na jina lake mara nyingi hutoka herufi zilizovurugika.

Picha ya namna hii haifai kwa pasipoti wala kitambulisho, na mwenye uso aulizwe kabla picha yake haijatumwa popote. Kwa fundi na mteja inafaa kukubaliana rangi, shingo na urefu wa mikono. Haifai kukubaliana namna gauni litakavyokaa mwilini, kwa sababu programu haikupewa kipimo hata kimoja cha kiuno au nyonga. Imelitengeneza gauni likae kwenye picha, na wakati mwingine imempunguza mteja unene ili likae. Vipimo vichukuliwe kwa futi ya fundi, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa malipo ya awali.