Thamani ya p Inasema Nini Hasa?

Jaribio la nadharia tete kuhusu kizidisho kimoja huanza kwa kukubali, kwa muda tu, kwamba kizidisho hicho ni sufuri. Kizidisho ni namba iliyomo kwenye mlinganyo inayoonyesha matokeo hubadilika kiasi gani kitu kimoja kinapobadilika, huku vingine vilivyomo kwenye mlinganyo vikibaki vilevile. Kikiwa sufuri, kitu hicho hakiongezi wala hakipunguzi. Kinachoulizwa ni kama data zilizopo zinapatana na dhana hiyo.

Programu ya takwimu ya R huja na data za magari 32, ya miaka ya 1973 na 1974, zilizotoka kwenye jarida la Kimarekani la Motor Trend. Magari 13 yalikuwa ya manyuo na 19 ya otomatiki. Ya manyuo yalikwenda wastani wa maili 24.4 kwa galoni moja ya mafuta, ya otomatiki maili 17.1. Tofauti hiyo, maili 7.245 kabla ya kukadirisha, ndiyo kizidisho cha aina ya gia.

Kizidisho hicho kingeyumba kama yangechukuliwa magari mengine, na kadirio la kuyumba huko huitwa kosa sanifu. Hapa ni 1.764. Ukigawa 7.245 kwa 1.764 unapata 4.11, yaani kizidisho kiko mbali na sufuri kwa zaidi ya makosa sanifu manne. Umbali huo hulinganishwa na mgawanyo wa t, nao hutoa thamani ya p ya 0.000285. Maana yake ni hii: kama kweli aina ya gia isingehusiana na matumizi ya mafuta, na masharti mengine ya mlinganyo yangetimia, sampuli kama 3 tu katika kila 10,000 zingetoa umbali mkubwa hivyo au zaidi, upande wowote wa sufuri.

Hapo ndipo wengi huteleza. Husema kuna uwezekano wa 3 katika 10,000 kwamba gia hazihusiani na mafuta. Hesabu haikusema hivyo, kwa sababu ilianza kwa kuchukulia kwamba hazihusiani, na haiwezi tena kupima ukweli wa jambo iliyolichukulia. Uwezekano wa mgonjwa wa malaria kuwa na homa ni mkubwa. Uwezekano wa mwenye homa kuwa na malaria ni swali jingine, na jibu lake hutegemea malaria imeenea kiasi gani mahali hapo.

Sasa uzito wa gari uingizwe kwenye mlinganyo. Kizidisho cha gia kinaporomoka hadi -0.024, kosa sanifu ni 1.546, na p inapanda hadi 0.988. Kosa la pili hujitokeza hapa: kutangaza kwamba imethibitika gia hazina tofauti yoyote. Masafa ya asilimia 95 ya kizidisho hicho yanaanzia -3.2 hadi 3.1. Data hizi zinapatana na sufuri, lakini pia zinapatana na tofauti ya maili tatu kwa galoni, ambayo dereva yeyote angeiona mfukoni. Kukosa ushahidi wa tofauti katika magari 32 si ushahidi kwamba tofauti haipo.

Wala p ya kwanza haikukosewa. Magari ya otomatiki yalikuwa na wastani wa pauni 3,769, ya manyuo pauni 2,411, kwa hiyo kizidisho cha kwanza kilibeba uzito pamoja na gia. Thamani ndogo ya p haiondoi mchanganyiko wa namna hiyo, na haitaji chanzo cha tofauti.

Ukiongeza pia muda ambao gari hutumia kukimbia robo maili, kizidisho kinakuwa 2.94 na p inakuwa 0.047. Kwa kuwa iko chini ya 0.05, wengi wangeshangilia. Mpaka huo ulienezwa na Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925 kama kipimo kinachofaa kwa kazi, na haukutokana na sheria yoyote ya maumbile. Kama p ingekuwa 0.053, ushahidi ungekuwa karibu uleule. Masafa ya 0.05 hadi 5.8 yanaeleza zaidi: faida huenda ni kubwa, huenda ni kama haipo. Ukubwa wa faida hausomwi kwenye p, kwani data zikiongezeka mara nne kosa sanifu hupungua takriban nusu, na hata kizidisho kidogo kisicho na maana kwa dereva kinaweza kupata p ndogo sana.

Milinganyo mitatu imetoa p tatu tofauti kwa magari yaleyale. Hesabu ya p huchukulia kwamba mlinganyo ulichaguliwa kabla ya matokeo kuonekana. Mtafiti akijaribu yote kisha akachapisha ule wa 0.047 peke yake, namba hiyo haina tena maana iliyoelezwa hapo juu, na msomaji hana njia ya kujua hilo asipoambiwa ni milinganyo mingapi iliyojaribiwa.