Wastani wa sampuli unavyolenga ukweli: kura ya kaya mbili

Tuchukue kitongoji cha kubuni chenye kaya tano. Msimu huu zimevuna mahindi magunia 2, 4, 5, 9 na 10. Jumla ni magunia 30, kwa hiyo wastani wa kitongoji ni magunia 6 kwa kaya. Mtafiti hazijui namba hizo, na muda wake unatosha kutembelea kaya mbili tu. Anaandika majina ya wakuu wa kaya kwenye vikaratasi vitano vinavyolingana, anavikunja, anavichanganya ndani ya kofia na kutoa viwili bila kukirudisha cha kwanza. Hiyo ndiyo sampuli nasibu sahili: kila jozi ya kaya ina nafasi sawa ya kutoka.

Akitoa kaya za magunia 2 na 4, atakadiria kuwa wastani ni 3. Akitoa za 9 na 10, atapata 9.5. Yote mawili yako mbali na 6. Basi wanatakwimu wana haki gani ya kusema kwamba wastani wa sampuli hauna upendeleo?

Jibu linaonekana tukiziorodhesha jozi zote zinazoweza kutoka, nazo ni kumi tu. Kaya ya magunia 2 ikiungana na kila mojawapo ya nyingine, makadirio ni 3, 3.5, 5.5 na 6. Ya magunia 4 na zilizobaki inatoa 4.5, 6.5 na 7. Ya 5 inatoa 7 na 7.5, na jozi ya mwisho, 9 na 10, inatoa 9.5. Jumlisha makadirio hayo kumi: unapata 60. Gawanya kwa 10: unapata 6, ule ule wastani wa kitongoji.

Namba zile hazikuchaguliwa ili zikubali. Hesabu tu kila kaya imo katika jozi ngapi. Kaya ya magunia 2 imo katika jozi nne, na ya magunia 10 vilevile. Kofia haimjui tajiri wala maskini. Kila uvuno umeingia mara nne, na kila mara ukagawanywa kwa 2, kwa hiyo mchango wake katika jumla ya makadirio ni mara mbili ya magunia yake. Mara mbili ya 30 ni 60, lazima. Badili mavuno upendavyo, hoja itasimama. Kwa ujumla, kaya N zikipigiwa kura ya kuchagua n, kila moja ina nafasi n/N ya kuchaguliwa, na ikichaguliwa uvuno wake unagawanywa kwa n. Zidisha n/N kwa 1/n: inabaki 1/N, uzito uleule ambao kila kaya inao katika wastani wa kweli.

Zingatia kwamba hatukudai kuwa sampuli moja itapatia. Katika jozi kumi, moja tu, ya 2 na 10, ndiyo iliyotoa 6 kamili. Kukosa upendeleo ni sifa ya utaratibu wa kuchagua. Ukubwa wa sampuli unashughulikia jambo jingine: ukichagua kaya nne, makadirio matano yanayowezekana ni 5, 5.25, 6.25, 6.5 na 7. Wastani wao bado ni 6, ila sasa yamesogeleana. Yale ya kaya mbili yalianzia 3 hadi 9.5.

Sasa mtafiti aiache kofia, akahoji kaya zilizo kando ya barabara tu, na tuseme ni zile za magunia 5, 9 na 10. Jozi zake zitatoa 7, 7.5 na 9.5, ambazo wastani wake ni 8. Hata akizihoji zote tatu atapata 8. Kuongeza idadi hakumsaidii, kwa sababu kaya mbili zina nafasi sifuri. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, mengi kutoka kwa watu ambao majina yao yalipatikana kwenye orodha za wenye simu na magari, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Kosa la aina hii linaweza kuingia hata baada ya kura safi. Tuseme wenye magunia 10 hushinda shambani, na kila wanapotoka kwenye kofia mtafiti hawakuti, akatoa kikaratasi kingine badala yao. Kwa vitendo anachagua kati ya kaya nne zenye jumla ya magunia 20, na utaratibu wake unalenga 5, si 6. Ukizitazama namba alizoleta, hutaona dosari yoyote. Itaonekana tu kwenye daftari la safari, ikiwa ameandika ni kaya zipi zilitoka kwenye kofia, zipi alizikosa, na kama alirudi jioni kuwatafuta.