Pombe haiyeyushi mafuta ya nyama, huyaongeza kwenye damu

Katika mikusanyiko ya mwisho wa juma, kuanzia Bura hadi Voi, wapo wanaoamini kwamba bia moja au mbili baada ya nyama choma "huyeyusha mafuta". Wengine husema kinywaji kidogo kila siku hulinda moyo. Imani ya kwanza ni kinyume cha yale yanayotokea mwilini. Ya pili ilitokana na utafiti, lakini utafiti uliofuata umeidhoofisha sana.

Mafuta yanayozungumziwa hapa huitwa trigliseraidi. Ndiyo aina ya mafuta ambayo mwili huweka akiba, na husafiri kwenye damu kutoka tumboni na kwenye ini kwenda sehemu nyingine za mwili. Kwenye karatasi ya maabara hupimwa kwa mmol/L. Chini ya 1.7 ni kiwango cha kawaida, na kuanzia 2.3 kimepanda. Kikipita 5.6 kimepanda mno. Kikipita 11, hatari ya kongosho kuvimba huongezeka sana.

Kazi ya ini usiku wa pombe

Mwili hauna ghala la kuweka pombe. Ikishaingia, ini huiona kuwa sumu ya kuondolewa kwanza, na kazi nyingine husubiri. Kwa mtu mzima wa kawaida, ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe halisi kwa saa. Kahawa, maji baridi au kuoga hakuharakishi kazi hiyo.

Ini linapoivunja pombe, hutoa haidrojeni nyingi, na kuna vibebaji vidogo ndani ya seli vinavyoipokea. Vibebaji hivyo ni kama mikokoteni: vinahitajika vikiwa vitupu ili ini liweze kuchoma mafuta. Usiku wa pombe vyote huwa vimejaa. Kwa hiyo mafuta hayachomwi, na wakati huohuo ini linatengeneza mafuta mapya. Sehemu ya mafuta hayo hubaki kwenye ini lenyewe, na kwa mnywaji wa kila mara ini huwa na mafuta mengi. Sehemu nyingine hufungwa kwenye vifurushi vidogo na kutumwa kwenye damu. Vifurushi hivyo ndivyo maabara inavyohesabu kama trigliseraidi.

Nyama yenye mafuta ikiliwa pamoja na pombe, shida huwa mara mbili. Mafuta ya chakula huingia kwenye damu saa chache baada ya kula, na kwa kawaida kimeng'enya kilicho kwenye kuta za mishipa huyaondoa. Pombe hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho. Mafuta ya chakula na yale ya ini hubaki yakizunguka kwa muda mrefu zaidi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Bura. Jumamosi usiku anakunywa chupa tano za bia za mililita 500, zenye asilimia 5 ya pombe. Kila chupa ina takriban gramu 20 za pombe halisi, kwa hiyo tano zina gramu 100. Kwa kasi ya ini iliyotajwa, kazi hiyo inachukua saa 10 hadi 14. Akianza saa mbili usiku, ini lake huenda likamaliza Jumapili asubuhi au hata karibu na saa nne, na kwa muda huo wote linachoma mafuta kidogo sana. Akinywa tena Jumapili jioni, mzunguko unaanza upya.

Kwa vinywaji vikali hesabu hupanda haraka. Chupa ndogo ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 80, sawa na bia nne kama hizo. Chang'aa na mbangara hazina lebo ya asilimia, kwa hiyo mnywaji hawezi kujua amepata gramu ngapi.

Tuseme mwanamume huyu anapimwa na kukutwa na 4.8. Daktari anamwomba aache pombe wiki nne, kisha arudi. Kiwango kikishuka hadi karibu 2, jibu limepatikana: pombe ndiyo iliyokuwa ikipandisha sehemu kubwa. Kisiposhuka, daktari hutafuta sababu nyingine, hasa kisukari, unene, ugonjwa wa tezi ya shingo, dawa fulani, au urithi wa familia. Sababu hizi zikikutana na pombe, kiwango hupanda kuliko pombe peke yake ingefanya. Ndiyo maana watu wawili wanaokunywa sawa wanaweza kupata majibu tofauti kabisa.

Je, kidogo hulinda moyo?

Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1992, watafiti wa Ufaransa walipoeleza kwamba nchi yao ilikuwa na vifo vichache vya moyo ingawa watu walikula mafuta mengi, na wakataja mvinyo kuwa sababu. Tafiti nyingi zilionyesha pia kwamba wanaokunywa kidogo waliishi vizuri kuliko wasiokunywa kabisa.

Tatizo lilikuwa nani aliyehesabiwa kuwa "asiyekunywa". Katika kundi hilo walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukiwalinganisha na mtu mwenye afya, kipato kizuri na glasi moja ya jioni, glasi itaonekana dawa, kumbe tofauti ilikuwapo kabla yake.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba pombe hupandisha HDL, inayoitwa "kolesteroli nzuri". Ni kweli huipandisha. Lakini mwaka 2006 majaribio ya dawa iitwayo torsetrapibu yalisimamishwa. Dawa hiyo ilipandisha HDL kwa zaidi ya nusu, hata hivyo waliopewa walikufa wengi kuliko wasiopewa. Kupanda kwa HDL peke yake si kinga.

Kipimo kizuri zaidi kilitoka China mwaka 2019. Huko watu wengi huzaliwa na urithi unaowafanya wajisikie vibaya wakinywa, kwa hiyo hunywa kidogo maisha yao yote, wawe matajiri au maskini, wazima au wagonjwa. Kwa kulinganisha wanaume kwa urithi huo, watafiti waliona shinikizo la damu na kiharusi vikipanda kadiri pombe ilivyoongezeka, tangu kiasi kidogo. Kinga dhidi ya kiharusi haikuonekana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya.

Kabla na baada ya kupimwa

Anayekwenda kupimwa mafuta ya damu aache pombe kwa siku tatu kabla, na asile kwa muda atakaoelekezwa na maabara. Amweleze mhudumu kiasi halisi anachokunywa, kwani bila hilo anaweza kupewa dawa asizohitaji.

Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, hasa baada ya kunywa, yanaweza kuwa dalili ya kongosho kuvimba. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, asisubiri asubuhi.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo na kifafa vinaweza kufuata ndani ya siku mbili au tatu. Aanzie kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu, ili aache akiwa chini ya uangalizi.