Mume Asipokuwa na Mbegu

Maabara huita hali hiyo azuspamia: ndani ya manii hakuna mbegu hata moja. Humpata takriban mwanamume mmoja kati ya 100. Manii yapo, nguvu za kiume zipo, tendo la ndoa halina kasoro, na ndiyo maana wengi hudhani vipimo vimechanganywa na vya mtu mwingine. Lakini mbegu ni sehemu ndogo mno ya yale maji. Zikikosekana, jicho haliwezi kujua, ila darubini tu.

Daktari makini hamtaji mchangiaji siku hiyo. Kwanza kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa, na safari hii manii huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili kilicho kizito kishuke chini, kisha masalia yale huchunguzwa tone kwa tone. Mbegu chache zinaweza kuonekana hapo, na hizo zinatosha kubadilisha mpango mzima. Zikikosekana tena, husakwa chanzo. Kama korodani zinafanya kazi ila njia imeziba, mbegu hutolewa kwa sindano na kuingizwa moja moja ndani ya yai maabara, ufundi uliotangazwa mwaka 1992. Wapo pia vijana wanaojichoma testosteroni ili kutunisha misuli bila kujua kwamba homoni hiyo ya nje huufanya ubongo uache kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Wengi wao wakiacha sindano, mbegu hurudi baada ya miezi kadhaa. Kumpeleka mtu wa namna hiyo moja kwa moja kwa mchangiaji ni uzembe.

Wanaobaki ni wale ambao korodani zenyewe hazizalishi: kwa sababu ya matubwitubwi ya ukubwani, dawa za saratani, au kromosomu ya X iliyozidi. Hata kwao, upasuaji wa kutafuta mbegu kwa darubini ndani ya korodani hufanikiwa kwa karibu nusu. Ila kuna kipimo cha damu kinachofaa kutangulia kisu. Kipande cha kromosomu ya Y kiitwacho AZFa kikiwa kimekatika chote, hakuna kitakachopatikana, na mume huyo huokolewa maumivu na gharama za bure.

Tuchukue wanandoa wa kubuni wenye tatizo hilohilo. Wametoka Mombasa, wanaishi London, mke ana miaka 32. Wameamua kutumia mbegu za kuchangiwa. Kliniki inaanza na mke: je, mirija yake iko wazi, mayai yanapevuka? Kisha inapima damu yake na kukuta ana vinasaba vya seli mundu, yaani ni AS. Hapo orodha ya wachangiaji inapungua papo hapo. Mchangiaji naye akiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa, kwa hiyo lazima atafutwe ambaye ni AA. Wao wangependa pia mtu mweusi, ili mtoto afanane na baba atakayemlea, na wachangiaji weusi katika benki za Ulaya ni wachache. Kungoja miezi si ajabu.

Mchangiaji mwenyewe amepita kwenye chujio. Ameulizwa magonjwa ya ukoo wake, amepimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini, kaswende na kisonono. Mbegu zake zimegandishwa katika mirija midogo ya plastiki ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, zikawekwa kando kwa miezi mpaka apimwe tena. Subira hiyo ina sababu: mtu aliyeambukizwa jana anaweza kuonekana mzima leo.

Siku yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mke hupima mkojo kusubiri homoni inayotangulia kupevuka kwa yai, na siku inayofuata huwa kliniki. Mbegu huyeyushwa, huangaliwa kama zinaogelea, kisha huingizwa kwa mpira mwembamba kupitia mlango wa kizazi hadi ndani ya mji wa mimba. Ni dakika chache, bila ganzi. Muhimu ni saa. Mbegu zilizogandishwa huishi muda mfupi mwilini kuliko zile mbichi, hivyo kuchelewa siku moja kunaweza kuupoteza mwezi wote. Na hata mambo yakienda sawa, kwa mwanamke wa umri huu mizunguko mingi hupita bila mimba. Kliniki nyingi hushauri kujaribu mara kadhaa kabla ya kuhamia utungishaji wa maabara, ambao ni ghali zaidi.

Mjadala mrefu ni wa nyumbani. Mume kwanza anahitaji muda wa kuomboleza mtoto ambaye hatampata kwa damu yake. Mke akimharakisha, uchungu huo unaweza kujitokeza mtoto akiwa ameshazaliwa. Halafu kuna dini. Wanazuoni wengi wa Kisuni huikataza njia hii kwa kuwa inaingiza mtu wa tatu katika ndoa na kuchanganya nasaba. Upande wa Shia, Ayatola Khamenei wa Iran aliiruhusu kwa masharti mwaka 1999. Kanisa Katoliki liliikataa katika waraka wake wa 1987. Wanandoa wetu ni Waislamu, na jambo hili walilimaliza na shehe wao kabla ya kulipia chochote. Uamuzi waliofikia ni wao.

Sheria ya Uingereza iko wazi: mume aliyeridhia ndiye baba, na mchangiaji wa kliniki iliyosajiliwa hana haki wala wajibu juu ya mtoto. Lakini aliyechanga tangu Aprili 2005 hawezi kufichwa milele. Mtoto akitimiza miaka 18 anaweza kuomba jina lake. Anayechukua mbegu za rafiki na kujiwekea nyumbani hujikosesha vipimo vile vyote, na asipokuwa na ndoa, rafiki huyo anaweza kuhesabiwa baba kisheria.

Je, mtoto aambiwe? Zamani madaktari waliwashauri wanandoa wanyamaze. Ushauri huo umepitwa na wakati, tena si kwa sababu ya maadili tu: kipimo cha vinasaba cha mate kinanunuliwa mtandaoni, na binamu mmoja akikipima, siri ya miaka 30 hufichuka. Susan Golombok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizifuatilia familia hizi hadi watoto wakafika miaka 20, wakaona kwamba walioambiwa kabla ya miaka saba walikuwa na uhusiano mzuri zaidi na mama zao. Swali gumu kwa familia ya pwani ni nani mwingine ajue. Shangazi akijua, mtaa mzima umejua, na mtoto anastahili kusikia kwa wazazi wake kwanza.

Jambo la mwisho ni idadi. Mwaka 2025 ilibainika kwamba mchangiaji mmoja wa benki ya Denmark, mzima wa afya, alikuwa na kasoro katika jini ya TP53 inayoongeza hatari ya saratani, na mbegu zake zilikuwa zimeshazaa watoto wengi katika nchi kadhaa za Ulaya. Vipimo vya kawaida havikuitafuta. Ndani ya Uingereza mchangiaij mmoja huruhusiwa familia 10 tu, lakini mbegu zilezile zinaweza kuuzwa nje, kwa hiyo inafaa kuiuliza benki kikomo chake cha dunia nzima. Na wanaotaka watoto wawili wa mchangiaji mmoja hulipia mirija ya akiba mapema, kwa sababu mimba ya pili ikitafutwa baada ya miaka mitatu, huenda hazina yake imeshakwisha.