Simu ya dakika 15: namna ya kuchuja watu bila kuonea yule wa mbali

Wengi kati yetu tunajua simu kwa upande mmoja tu: upande wa kuingojea. Lakini kwa hii miaka, wamoja kati yetu wamefika upande mwingine. Wanapewa kikaratasi chenye majina na kuambiwa: “Piga hawa wote, utuambie nani aje kwa mahojiano.” Hapa ndipo mutu anaweza kupoteza kazi bila hata kujua kwamba alikuwa amehukumiwa. Leo tuangalie namna ya kufanya hiyo kazi kwa haki, katika hali yetu ya Kasongo na Kabambare.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Shirika linatafuta watu 8 wa kufanya ankete nyumba kwa nyumba, juu ya chakula cha watoto, kwa muda wa wiki tatu. Dosie ni nyingi. Baada ya kuzisoma wanabaki 24 wenye diploma inayotakiwa: 14 wako Kasongo mujini, 10 wako upande wa Kabambare. Kuwaita wote 24 Kasongo ni kuwalipisha pikipiki, chakula na malazi, na wengi watarudi mikono mitupu. Kwa hiyo unapiga simu kwanza.

Jambo la kwanza ni kuuliza: hii simu inaweza kunionyesha nini? Haiwezi kuonyesha kama mutu anaandika vizuri, kama anaweza kutumia tableti, ao kama ni mwaminifu. Hayo yanangoja mahojiano kamili. Simu inaweza kuonyesha mambo machache: kama mutu yuko huru kwa zile tarehe, kama anaweza kugeuza swali la Kifaransa kuwa Kiswahili ambacho mama wa kijijini anaelewa, na kama anajua la kufanya kazi ikikwama. Basi uliza hayo tu. Kila swali la kuongeza ni mulango mwingine ambamo upendeleo unaweza kupitia.

Kwa mufano wetu, maswali ni manne, na yote yanaandikwa kabla ya simu ya kwanza. La kwanza ni la ndiyo ao hapana: “Uko huru kwa hizo wiki tatu, na uko tayari kulala vijijini?” Anayesema hapana anatoka, bila alama.

La pili: unamusomea kwa Kifaransa swali linalouliza mtoto wa chini ya miaka mitano alikula mara ngapi jana, mchana na usiku. Unamuomba aliulize kwa Kiswahili kama vile mama yuko mbele yake. Akibeba maana yote, alama 2. Akisahau kipande kimoja, kama vile “na usiku”, alama 1. Akibadilisha swali, ao akiingiza jibu ndani yake (“Alikula mara tatu, sivyo?”), alama 0.

La tatu: “Umefika kwenye nyumba, wazazi hawako, mtoto wa miaka 14 anasema yeye atajibu. Utafanya nini?” Anayesema atauliza wazazi wanarudi saa ngapi, atarudia, na atamujulisha msimamizi, anapata 2. Anayesema ataacha nyumba hiyo aende zake, anapata 1. Anayejaza na yule mtoto, ao anayechagua nyumba ya jirani kwa akili yake mwenyewe, anapata 0.

La nne: “Nieleze siku moja ulipokusanya habari kwa watu na kuziandika.” Hapa angalia: usitafute jina la ONG. Aliyeandika wagonjwa wakati wa kampeni ya chanjo, aliyehesabu wanafunzi wa shule, aliyeshika daftari la kikundi cha wakulima, wote wamefanya kazi hiyo. Akieleza alifanya nini na alihakikisha namna gani, ni 2. Akieleza kwa juu juu, ni 1. Asipokuwa na mufano, ni 0.

Jumla ni alama 6. Na kabla ya kupiga simu munakata neno: anayepata 4 kwenda juu anaitwa. Si baada. Ukikata baada ya kusikia sauti, utaukata pale ambapo rafiki yako amesimama.

Juu ya nini kujisumbua na hizi alama? Mwaka 2022, mtafiti Paul Sackett na wenzake walipitia upya utafiti wa miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mahojiano yenye maswali yale yale kwa wote, na alama zilizopangwa mbele, ndiyo yaliyokuja juu kabisa katika kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Maongezi ya bure yalikuwa chini sana. Kwa simu ni mbaya zaidi, kwa sababu hauoni uso. Unabaki na sauti, na sauti inakudanganya.

Tuone watu wawili wa mufano wetu. Wa kwanza yuko Kasongo mujini, rezo ni safi, Kifaransa kinatiririka. Swali la pili analigeuza vizuri: 2. Kwa swali la tatu anasema atajaza na yule mtoto “ili kazi isichelewe”: 0. Kwa la nne anataja mashirika, lakini haelezi alichofanya yeye mwenyewe: 1. Jumla 3. Wa pili yuko kijiji cha mbali, simu inakatika mara mbili, sauti inaenda na kurudi, anaongea polepole. Anapata 2, 2 na 1. Jumla 5. Kama hakungekuwa na karatasi ya alama, wengi wangeandika kwamba wa kwanza “yuko vizuri” na wa pili “anasitasita”. Kumbe kilichositasita ni rezo.

Hapo tunafika kwenye jambo linalokata watu wengi kuliko maswali yenyewe: simu isiyopokelewa. Kwetu, simu kuzimika haimaanishi kwamba mutu hana haja na kazi. Inaweza kuwa iko kwa muchajishaji mwenye paneli ya jua, ao mwenyewe yuko shambani, ao rezo inapatikana tu kwenye kilima fulani. Wengine waliandika ndani ya dosie namba ya kaka. Kwa hiyo kanuni ya simu inaandikwa kama vile maswali yanavyoandikwa. Siku mbili mbele, tuma mesaji yenye siku na saa, na umuombe achague kati ya nafasi mbili: asubuhi ao jioni. Asipopatikana, piga mara tatu, kwa saa tofauti, ndani ya siku mbili. Akipokea mutu mwingine, acha jina lako na saa utakayopiga tena; mambo ya dosie ya mwenzake hayamuhusu. Simu ikikatika, anayerudisha ni wewe, kwa kredi ya biro, na munaanzia swali lilipokatikia. Kurudia swali kwa sababu ya rezo mbaya hakupunguzi alama hata moja.

Na saa yenyewe uiandike wazi. “Saa tatu” kwa mwenye kuhesabu Kiswahili ni asubuhi, kwa mwenye kuhesabu Kifaransa ni alasiri. Tena biro ikiwa Kinshasa, saa 8 yao ya asubuhi ni saa 9 yetu, maana Maniema iko mbele kwa saa moja. Andika: “saa 9 asubuhi, saa ya Kasongo.” Kuna watu wamehesabiwa “hawakupokea” kumbe walikuwa wanangojea saa nyingine.

Sasa kuhusu salamu. Sisi huku hatuanzi mazungumzo kavu. Tunauliza: “Wewe ni mutoto wa nani? Wa upande gani?” Kwenye kilio ao sokoni hiyo ni heshima. Kwenye simu ya kuchuja, ni sumu. Ukishajua kwamba ni Mukusu, Muzimba ao Mubangubangu, ao kwamba mujomba wake ulisoma naye, haliwezi tena kutoka kichwani. Hata maswali ya ndoa, mimba, kanisa ao musikiti hayana nafasi pale. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inakataza mutu kuonewa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia, maoni, imani ao hali yake ya maisha. Basi salimia kwa adabu, sentensi ileile kwa wote: jina lako, unapigia kwa niaba ya nani, itachukua dakika ngapi, na “uko mahali unaweza kuongea?” Ukikuta ni ndugu yako ao mutu unayemujua, mpe mwenzako apige yeye.

Tena usipige peke yako tangu mwanzo. Simu tatu za kwanza, mwenzako asikilize kwa spika, kila mmoja aandike alama zake bila kuonyeshana, ukiwa umemujulisha anayepigiwa kwamba muko wawili. Mukitofautiana kwa alama zaidi ya moja kwa mutu mmoja, si yeye mwenye kosa; maelezo ya alama zenu hayako wazi. Yatengenezeni, kisha muendelee.

Na utajuaje kama kazi ilikuwa ya haki? Hesabu kwa vituo. Katika mufano wetu, wa Kasongo 14 walipatikana wote, 8 wakapita. Wa Kabambare, kati ya 10 walipatikana 5 tu, na 4 wakapita. Ukitazama mwisho tu, utasema Kasongo wana uwezo: 8 kwa 4. Lakini ukitazama waliopatikana, Kabambare walipita karibu wote. Waliangukia kwenye rezo, si kwenye maswali. Kwa hiyo orodha haifungwi. Unatuma mesaji tena kwa wale 5, unawauliza siku wanayoweza kufika penye rezo. Wakipatikana 3 na 2 wakapita, walioitwa wanakuwa 14, na 6 kati yao ni wa Kabambare. Ni siku mbili za ziada na kredi kidogo.

Siku ya mahojiano kamili, rudia swali la kugeuza lugha kwa sentensi nyingine. Kwenye simu mutu anaweza kuwa na mwenzake anayemunong’oneza, na hapo ndipo utaona.

Na wale wasiopita, watumie mesaji ndani ya wiki: “Hatutaendelea na dosie yako kwa kazi hii.” Mutu aliyepanda kilima kutafuta rezo ili akujibu, asiendelee kukipanda kila jioni kwa jibu ambalo lilikwisha kutolewa.