Sahihi Iliyokwama kwa Sh1,500

Programu ya kukata tiketi za basi inatakiwa kuanza kutumika Ijumaa. Jumatano jioni, mjaribu wa programu anamwandikia msimamizi wa bidhaa, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kipi kitoke na lini: "Habari za jioni, kaka. Toleo hili siwezi kuliwekea sahihi. Abiria anaweza kukatwa nauli mara mbili."

Mfano ni wa kubuni, lakini kasoro yenyewe si ngeni kwa waliowahi kuunganisha programu na M-Pesa nchini Kenya. Abiria akibonyeza "Lipa", ombi hutumwa na kupewa utambulisho wake, `CheckoutRequestID`. Simu yake huonyesha kidirisha cha kuweka namba ya siri. Jibu la mwisho halirudi papo hapo. Seva ya programu huletewa baadaye, na `ResultCode` ikiwa 0, pesa zimelipwa.

Programu yetu husubiri sekunde 30, kisha hutangaza kwamba malipo yameshindikana. Mjaribu aliweka namba ya siri kwa kuchelewa makusudi. Jibu lilifika sekunde ya 41, likiwa na 0, lakini seva ilikwisha kuifuta nafasi ya abiria, ikalitupa. Sh1,500 zimeondoka, tiketi hakuna. Abiria akibonyeza tena, linazaliwa ombi jipya lenye utambulisho mpya, na mtandao wa malipo unaweza kulipokea kama malipo mapya. Zinaondoka Sh1,500 nyingine.

Watengenezaji hawakuliona hili kwa sababu wao hujaribu simu ikiwa mkononi na namba ya siri ikiwa kichwani. Abiria halisi yuko stendi, mizigo miguuni, na pengine simu ya kulipia ni ya mkewe.

Barua pepe nzuri ya aina hii haimlaumu fundi, wala haiishii kwenye "malipo yana shida". Inaeleza hatua za kuirudia kasoro, inaambatisha kumbukumbu za seva zenye saa na utambulisho wa maombi yote mawili, kisha inataja masharti: "Nitaweka sahihi nafasi ikibaki 'inasubiri' hadi jibu lifike, na seva ikiuliza hali ya ombi la kwanza kabla ya kuruhusu la pili. Jibu lilelile likija mara mbili, itoke tiketi moja tu."

Msimamizi anaweza kujibu kwamba ni wachache watakaochelewa. Huenda ni kweli. Ila kila mmoja wao atapiga simu, na mhasibu atalinganisha taarifa ya malipo na orodha ya tiketi kwa mkono ndipo arudishe pesa. Kwangu mimi, kasoro ya rangi ya kitufe inasubiri wiki ijayo, hii haisubiri.

Hata hivyo, mjaribu hana mamlaka ya kuzuia Ijumaa. Msimamizi akitaka kuendelea, anaweza, na barua inamwomba jambo moja: "Ukiamua itoke hivi ilivyo, naomba uniandikie hapa kwamba umeikubali hatari hii, na nani atashughulikia kurudisha pesa Jumamosi."